Meneja akosee, karani afunike: jibu kwa dada wa Eneo la Viwanda

*Mimi ni karani wa mishahara katika kampuni moja ya Eneo la Viwanda, Nairobi. Meneja wetu wa fedha ni shemeji ya mkurugenzi na kazi haijui. Viwango vya NSSF vilipobadilika Februari 2025 hakuvibadilisha kwenye programu, ingawa nilimkumbusha mara mbili kwa mdomo. Sasa ni Julai, mkaguzi wa hesabu anakuja, naye ananiagiza niwakate wafanyakazi tofauti yote mwezi huu chini ya jina la "marekebisho", nisimweleze mtu, na niandike waraka wenye tarehe ya Machi. Miaka miwili sasa nimekuwa nikifunika makosa yake. Nikikataa, si nitafutwa kazi?*

Dada, katika maagizo hayo yote lipo moja ambalo halina mjadala, nalo ni la kuandika waraka leo na kuupa tarehe ya Machi. Hilo likatae hata kama mengine utayatekeleza. Sababu ya kwanza ni kwamba haliwezekani kufichika. Faili ya kompyuta hubeba siku iliyoundwa, marejesho ya kodi yaliyotumwa kupitia iTax huzaa risiti yenye siku na saa, na programu ya mishahara huandika jina la aliyeingia, alichobadilisha na lini. Mkaguzi akiuona waraka wa Machi unaozungumzia tofauti ambayo programu haikuijua hadi Julai, hatahitaji kuuliza maswali mengi. Sababu ya pili ni kwamba jina litakalosomeka humo ni lako, si la meneja. Kifungu cha 330 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinachohusu kughushi hesabu kwa nia ya kulaghai kinamtaja karani waziwazi, na nisingependa mtu akae mbele ya mpelelezi akieleza kwamba nia hiyo haikuwa yake bali ya bosi wake.

Mengine yanaweza kutengenezwa, na yakatengenezwa vizuri, kwa sababu kosa lenyewe ni la kawaida sana. Nimepitia mishahara ya kampuni nyingi kabla ya wakaguzi kufika, na kila viwango vinapobadilika hukosi kampuni iliyosahau. Kosa la kusahau lina dawa. Linaloitia kampuni aibu, na kumponza karani, ni namna linavyofunikwa. Kwa hiyo tuanze na hesabu, kwa kuwa naona meneja wako hajaifanya, na ukiifanya wewe utakuwa na silaha nzuri kuliko malalamiko yoyote.

Hadi Januari 2025 mchango wa NSSF ulikuwa asilimia 6 ya mshahara, kikomo cha chini kikiwa shilingi 7,000 na cha juu shilingi 36,000, maana yake ni kwamba hakuna aliyekatwa zaidi ya shilingi 2,160. Kuanzia Februari 2025 vikomo vilipanda hadi 8,000 na 72,000, na mchango wa juu kabisa ukawa shilingi 4,320. Mwajiri naye hulipa kiasi kilekile. Sasa mchukue mfanyakazi mwenye mshahara wa shilingi 50,000 kabla ya makato. Kwa viwango vya zamani alikatwa 2,160. Kwa viwango vipya alistahili kukatwa 480 kwa daraja la kwanza, yaani asilimia 6 ya 8,000 za mwanzo, na 2,520 kwa daraja la pili, yaani asilimia 6 ya 42,000 zilizobaki, jumla 3,000. Tofauti ni shilingi 840 kwa mwezi, na kwa miezi mitano kutoka Februari hadi Juni ni 4,200. Kampuni nayo inadaiwa 4,200 nyingine kwa ajili yake.

Angalia jambo ambalo huenda halijawapitia akilini. Mfanyakazi wa shilingi 20,000 hakuguswa. Alikuwa akikatwa 1,200, na kwa viwango vipya bado ni 1,200, isipokuwa mgawanyo kati ya madaraja mawili ndio uliobadilika. Walioathirika ni wale wanaopata zaidi ya 36,000, yaani wasimamizi wa zamu, mafundi, watu wa ofisini na wakubwa. Kwa kampuni ya Eneo la Viwanda, nadhani wafanyakazi wengi wa sakafuni wako chini ya kiwango hicho. Basi orodha yako ya majina ni fupi kuliko unavyoogopa, na ukiichapisha itakaa kwenye ukurasa mmoja. Lakini orodha hiyo ina watu wanaosoma hati zao za mshahara hadi senti ya mwisho, na kama mkurugenzi mwenyewe analipwa kupitia orodha hiyohiyo na anapata 72,000 au zaidi, yeye ndiye mwenye tofauti kubwa: 2,160 kwa mwezi, 10,800 kwa miezi mitano. Meneja anataka mkurugenzi asijue, kisha amkate mkurugenzi shilingi elfu kumi na kitu kwa jina la "marekebisho". Mpango huo hautafika mwisho wa wiki ya kwanza ya Agosti.

Jina hilo la "marekebisho" lina dhara jingine, na hili ndilo ningependa ulielewe kwa undani kwa sababu ndipo mfanyakazi anapoumia kwa pesa halisi. Mchango wa NSSF hutolewa kwenye mshahara kabla ya kukokotoa kodi ya PAYE. Mfanyakazi wetu wa 50,000 alikatwa NSSF pungufu kwa 840, kwa hiyo mapato yake yanayotozwa kodi yalionekana makubwa kwa 840, na kwa kuwa yuko kwenye daraja la asilimia 30 alilipa kodi ya ziada ya shilingi 252 kila mwezi, 1,260 kwa miezi mitano. Tofauti ikiingizwa kwa jina lake halisi, yaani mchango wa NSSF, kodi hiyo inapaswa kumrudia, na maumivu yake ya kweli mfukoni ni 2,940. Ikiingizwa kama "marekebisho", programu itaichukulia kama makato ya kawaida yanayokuja baada ya kodi, kama vile deni la kantini, na atapoteza 4,200 nzima. Kufunika kosa la bosi hapo kumegeuka kuwa kumtoza mwenzako shilingi 1,260 zisizo halali. Siku atakapolijua hilo hatamtafuta meneja, atakuja mezani kwako.

Lipo pia la ukubwa wa makato. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 hakiruhusu makato yote kwa pamoja yapite theluthi mbili za mshahara. Mtu mwenye mkopo wa chama cha akiba na mikopo, pamoja na bima ya afya na ushuru wa nyumba, mara nyingi yuko karibu na mpaka huo tayari. Ukimwongezea makato ya miezi mitano kwa mkupuo utauvuka, na hilo peke yake ni kosa jipya. Aidha, kabla ya kumkata mtu yeyote shilingi moja ya nyuma, mshauri wa kodi au wakili wa kampuni athibitishe kwa maandishi kama kampuni inaweza kumrudia mfanyakazi kwa sehemu yake, au inapaswa kuibeba yenyewe kwa kuwa uzembe ulikuwa wake. Uamuzi huo si wa karani, na si wa meneja peke yake.

Utengenezaji safi, basi, ni huu. Unaandaa jedwali moja la Ekseli lenye majina ya walioathirika na safu ya kila mwezi: kilichokatwa, kilichopaswa kukatwa, tofauti ya mfanyakazi, tofauti ya mwajiri, na kodi iliyozidi. Marejesho ya kila mwezi uliokosewa yanarekebishwa kwa mwezi wake, hayarundikwi yote Julai. Tofauti inalipwa NSSF pamoja na adhabu ya kuchelewa itakayodaiwa, na adhabu hiyo inabebwa na kampuni. Wafanyakazi wanapewa barua fupi inayotaja tofauti hiyo kwa jina lake. Viwango vinarekebishwa kwenye programu kabla ya mishahara ya Julai kufungwa, ili shimo lisiendelee kuchimbwa wakati mnalijaza. Mkaguzi akikuta faili ya namna hiyo ataandika mistari miwili kwenye ripoti yake na kupita. Nimeyaona hayo zaidi ya mara moja.

Sasa tuje kwa meneja. Usimwendee na neno "siwezi" likitangulia, wala usimwendee mbele ya watu. Mtu asiyeijua kazi anaishi na hofu ya kugunduliwa saa zote, na kumbukumbu ya makosa yake ukimwekea mezani ataisoma kama tishio. Nenda asubuhi, kabla simu hazijaanza kulia, ukiwa na lile jedwali lako limechapishwa. Mwambie hivi, au kwa maneno yako yanayofanana na haya: "Bosi, nimepiga hesabu ya ile NSSF. Walioathirika ni wachache, hawa hapa. Tukiiweka kama marekebisho, kodi inakosewa tena, na jina la mkurugenzi limo kwenye orodha, kwa hiyo ataliona. Nimekuandalia rasimu ya waraka kwenda kwake kwa jina lako, unaosema idara imegundua tofauti kabla ya ukaguzi na hii ndiyo njia ya kuirekebisha." Kisha nyamaza, umwache asome.

Unaona ulichofanya hapo. Hukumficha wala hukumchongea. Umempa mlango wa kutokea akiwa na heshima yake, na mlango huo unapitia kwa mkurugenzi. Kwa uzoefu wangu, wengi wao huupita, kwa sababu waraka unaosema "idara imegundua" unampendeza mtu kuliko ripoti ya mkaguzi inayosema "idara ilikosa kugundua". Utajisikia vibaya kumwona akipokea sifa ya kazi yako. Ni kweli, na katika jambo hili ningekushauri uimeze, maana unachokinunua kwa sifa hiyo ni ukweli kuwekwa kwenye karatasi.

Akikubali au akikataa, siku hiyohiyo mwandikie barua pepe. Ulimkumbusha mara mbili kwa mdomo, na maneno ya mdomo leo hayana mwenyewe. Barua isiwe ya kesi. Iwe ya kazi, kama hii: "Kufuatia mazungumzo yetu ya leo asubuhi kuhusu viwango vya NSSF vilivyoanza Februari 2025, nimeambatisha jedwali la tofauti kwa miezi ya Februari hadi Juni. Naomba maelekezo yako kuhusu njia ya kurekebisha kabla ya kufunga mishahara ya Julai. Pendekezo langu ni tuziingize kama michango ya NSSF kwa miezi husika, na waraka ubebe tarehe ya siku utakapotiwa sahihi." Kama ofisini mnaandikiana kwa Kiingereza, andika kwa Kiingereza, lakini urefu na upole uwe huo. Sentensi ya mwisho ndiyo inayokulinda, maana imekataa tarehe ya Machi bila kumtaja aliyeitaka.

Hapa niweke onyo ambalo watu wengi hulipata wakiwa wamechelewa. Mfanyakazi akishaogopa, hukimbilia kujitumia ushahidi: anaituma orodha nzima ya mishahara kwenye barua pepe yake ya nyumbani, au anaipiga picha na kuipeleka kwa rafiki kwa Watsapu. Orodha hiyo ina majina, mishahara na namba za akaunti za watu, na watu hao wanalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Umempa meneja sababu halali ya kukushtaki, na yeye ambaye hajui NSSF ataijua sheria hiyo upesi sana. Ushahidi wako uache kwenye barua pepe ya kampuni. Nyumbani weka daftari lenye tarehe, saa, nani alisema nini, na kichwa cha barua uliyoandika. Kesi ikifika mbali, barua zenyewe zinaweza kudaiwa kutoka kwa kampuni, na daftari lako litaonyesha zipo.

Tuseme amekataa, tena kwa ukali, na mishahara inafungwa wiki ijayo. Undugu wake na mkurugenzi unakutia woga, na sikulaumu. Hata hivyo usianzie kwa mkaguzi. Mkurugenzi akisikia habari hii kwanza kutoka kwa mtu wa nje ataona umemwaibisha, nawe ulikuwa na nafasi ya kumwambia. Anza na afisa wa rasilimali watu kama mnaye, na kama hamna, omba dakika kumi na mkurugenzi mwenyewe, ukimjulisha meneja kwamba unakwenda. Peleka jedwali tu. Usiseme meneja hajui kazi. Mkurugenzi huenda analijua hilo kuliko wewe, maana ndiye aliyemwajiri na ana sababu zake za kifamilia. Mwambie kuna deni la NSSF, ni kiasi hiki, kodi imezidi kwa kiasi hiki, na unahitaji maelekezo yaliyoandikwa kwa sababu yale uliyopewa hukuweza kuyatekeleza bila kubadilisha tarehe. Mwenye kampuni huelewa shilingi haraka kuliko anavyoelewa haki. Mkaguzi naye akikuuliza swali la moja kwa moja, mjibu ukweli bila kuongeza chumvi. Kumdanganya mkaguzi ni mstari uleule wa tarehe ya Machi. Na kama umefaulu mitihani na umejisajili na taasisi ya wahasibu, ICPAK, maadili yake hayakuruhusu kuhusishwa kwa makusudi na taarifa unayoijua kuwa ya uongo, hata kwa agizo la mkubwa.

Kuhusu kufutwa kazi, nisikudanganye: wanaweza kujaribu. Sheria ya Ajira, kifungu cha 44, inamruhusu mwajiri kumfuta papo hapo anayekataa agizo, lakini neno lililotumika humo ni agizo halali na linalostahili, na agizo la kuandika tarehe ya uongo si la aina hiyo. Ndiyo maana nimesisitiza ukatae jambo moja lililo wazi, na mengine yote uonekane ukiyafanya. Ukigoma kufunga mishahara kabisa, umewapa sababu. Ukiifunga vizuri, kwa wakati, ukakataa tarehe tu, hawana pa kushika. Kabla ya kukufuta kwa kosa lolote la utovu wa nidhamu kazini, kifungu cha 41 kinawataka wakueleze sababu kwa lugha unayoielewa na wakusikilize, ukiwa na mfanyakazi mwenzako unayemchagua au mwakilishi wa chama chenu. Kwa kawaida itaanza na barua ya kutakiwa kujieleza. Ijibu ndani ya muda uliotajwa, kwa ukurasa mmoja, ukirejelea barua pepe zako kwa tarehe. Kifungu cha 46 nacho kinasema kuwasilisha malalamiko dhidi ya mwajiri si sababu ya haki ya kumfuta mtu, isipokuwa malalamiko yenyewe yawe ya ovyo na yasiyo na msingi. Mahakama ya Ajira na Masuala ya Leba ikiona ulifutwa isivyo haki, inaweza kukupa fidia isiyozidi mishahara ya miezi 12, na una miaka mitatu ya kufungua kesi. Lakini kesi ni ndefu na kodi ya nyumba hailipwi na hukumu inayosubiriwa, kwa hiyo nisingekwambia ulale ukiitegemea. Itegemee ile barua pepe ya upole zaidi, kwa kuwa mara nyingi ndiyo inayomfanya mwajiri aahirishe kukuandikia barua yoyote.

Imebaki miaka miwili iliyopita. Umeandika "nimekuwa nikifunika" kama mtu anayeungama, nami sidhani yote yalikuwa ya kufunika. Meneja akikupa jumla iliyokosewa nawe ukaisahihisha kabla mishahara haijalipwa, hiyo ni kazi yako, na karani aliyekaa vizuri hufanya hivyo kila mwezi. Kufunika kunaanzia pale kosa lilipokwisha kutoka nje, likamgusa mfanyakazi, benki au serikali, nawe ukalirekebisha kwa namna ambayo aliyeguswa asijue. Pitia kumbukumbu zako kwa kipimo hicho. Yale ya aina ya kwanza endelea nayo, ila kuanzia sasa yaache na alama: "Nimebadilisha idadi ya saa za ziada za zamu ya usiku kutoka 410 hadi 140 kulingana na daftari la lango, tafadhali thibitisha." Mstari mmoja kwenye barua pepe, basi. Hujamshtaki mtu, lakini baada ya miezi sita mtu yeyote akiisoma mistari hiyo ataelewa idara inaendeshwa na nani. Unaposahihisha bila alama unaiambia kampuni kwamba meneja hana makosa, na mwaka ukiisha unaenda kuomba nyongeza ya mshahara bila hata karatasi moja mkononi.

Nakuuliza na jambo ambalo hukulitaja: je, unayo nywila yake? Nauliza kwa sababu yangu mwenyewe. Nilipokuwa karani, bosi wangu aliiandika yake kwenye kikaratasi cha manjano chini ya kibodi, na kila alipokuwa safarini nilikuwa naingia kwa jina lake kuidhinisha malipo niliyoyaandaa mimi mwenyewe. Nilijiona mwaminifu sana. Usiku mmoja, saa nne kasorobo, niliidhinisha faili ya vibarua ambayo alikuwa ameniachia, na faili ile ilikuwa imekwisha kulipwa mchana wake. Watu sitini walilipwa mara mbili. Alipoulizwa alisema hakuidhinisha, alikuwa barabarani akitoka Naivasha, na alisema kweli. Barua ya kujieleza nilipewa mimi, na sikuwa na la kujieleza. Miezi mitatu nilikuwa nikiwapigia vibarua simu kuwaomba warudishe pesa walizokwisha kununulia unga. Kosa la kuacha faili ya zamani lilikuwa lake. Kitendo kilikuwa changu, kwa jina lake, na hakuna sheria ya ofisi inayoweza kumtetea mtu hapo. Kama unayo nywila ya meneja, mwambie aibadilishe leo. Anayeandaa malipo na anayeidhinisha wasiwe mtu mmoja kamwe, hata kwa urafiki, hata kwa dharura ya Ijumaa jioni.

Na chunguza kitu kimoja zaidi kabla hujaamua kwamba huyu ni mtu asiyejua tu. Makosa ya asiyejua huelekea kila upande: leo kampuni imepoteza, kesho mfanyakazi amepoteza, keshokutwa serikali imelipwa zaidi. NSSF hii inafanana na hiyo, kwa sababu hakuna aliyefaidi kwa makusudi. Lakini makosa yakianza kuelekea upande mmoja, ukaona akaunti moja ya benki imetokea kwa majina mawili, au kibarua aliyeondoka bado yumo kwenye orodha, au saa za ziada za mtu yuleyule zinakosewa kila mwezi na daima kwa kuzidi, hayo si ya kumwandalia bosi waraka wa heshima. Hayo yapeleke kwa mkurugenzi bila kupitia kwa shemeji yake, na ukiweza pata ushauri wa wakili kabla ya kupanda ngazi hizo.

Mwisho, uliza likizo yako. Ungekuwa ukiipata ungeitaja, nami nadhani hujapumzika siku nyingi mfululizo tangu meneja aje, kwa kuwa kila unapoomba yeye huona mwezi huo haufai. Sheria inakupa siku 21 za kazi kwa mwaka zenye malipo. Baada ya ukaguzi kupita, omba wiki mbili zinazoangukia tarehe ya kufunga mishahara, si zile za katikati ya mwezi. Andika maelezo ya kukabidhi kazi hatua kwa hatua, yakiwa na viwango vya sasa vya NSSF juu kabisa na siku ya 9 ya mwezi unaofuata ikiwa imekolezwa wino kama siku ya mwisho ya kuwasilisha PAYE, mpe meneja nakala na mkurugenzi nakala, kisha uzime simu ya kazi.